Sura ya 6: Siku, Saa na Daftari la Getini

Malalamiko mengi yaliyofika mezani kwangu nilipokuwa afisa utumishi yalikuwa ya kweli, na mengi kati ya hayo sikuyafanyia chochote. Mtu aliingia, akafunga mlango, akakaa, akasema msimamizi wake anamwonea. Nikamuuliza anamwoneaje. Kila siku ananinyanyasa, ananitolea maneno mbele ya wageni, zamu mbaya zote ni zangu. Tangu lini? Tangu nirudi likizo. Nani alisikia? Kila mtu anajua. Baada ya majibu hayo nilibaki na njia moja tu, kumwita msimamizi na kumuuliza kama ni kweli anamnyanyasa mwenzake kila siku. Kuna msimamizi gani angejibu ndiyo? Basi nikawa na neno la huyu dhidi ya neno la yule, na faili likafungwa kwa sentensi ambayo kila aliyekaa kwenye kiti kile anaijua: wahusika wameshauriwa kushirikiana.

Ilinichukua muda kutambua kwamba walalamikaji wale hawakukosa ushahidi. Ushahidi ulikuwamo mumo humo jengoni, kwenye rosta iliyobandikwa ukutani, kwenye mashine ya mahudhurio, kwenye daftari la mlinzi, kwenye simu za watu. Walichokosa ni kunielekeza mahali pa kutazama. Mashine ya mahudhurio ina maelfu ya mistari, na hakuna afisa atakayeisoma yote kwa kuwa mtu amesema "kila siku". Ila akiambiwa Jumanne tarehe fulani, saa fulani, atainuka aangalie, kwa sababu ni kazi ya dakika tano na kwa sababu akikataa kuangalia itaonekana kwamba amekataa.

Kwa hiyo daftari ninalolizungumzia katika sura hii halifanani sana na shajara. Kila mstari wake unaelekeza kwenye kumbukumbu ambayo mwajiri mwenyewe anaitunza.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Nimeutunga kutokana na mambo ya kawaida ya kazi za hoteli, ili nisimwanike mtu. Ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Dar es Salaam. Amejifungua mwishoni mwa Desemba 2023. Likizo yake ya uzazi, siku 84 kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyompa mama aliyezaa mtoto mmoja, ilianza Jumatatu tarehe 11 Desemba na kuisha Jumapili tarehe 3 Machi 2024. Kesho yake akarudi kaunta. Mtoto ana miezi miwili na siku kadhaa, ananyonya, na bibi yake anaishi mtaa wa pili kutoka hotelini.

Mambo mawili yakaanza mara moja. Rosta ya wiki nne, ya tarehe 4 hadi 31 Machi, ilimpa zamu 12 za usiku, yaani zile za kuingia saa 5 usiku na kutoka saa 1 asubuhi. Na alipoomba kutoka kidogo kumnyonyesha mtoto aliyeletwa getini, msimamizi wa zamu alimkatalia.

Kabla hajaandika neno, inambidi ayatenganishe mambo haya mawili, kwa maana hayana uzito sawa kisheria, na mtu asiyejua hilo huandika sana lile dogo na kulisahau lile kubwa. Kunyonyesha ni haki iliyotajwa waziwazi: sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha afanye hivyo ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hapo anachohitaji ni kuonyesha kwamba aliomba na akakataliwa. Zamu za usiku ni habari nyingine. Sheria inamkinga mama asipangiwe kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho ya ujauzito na miezi miwili baada ya kujifungua, na miezi hiyo yake ilikuwa imeshapita. Akienda utumishi akasema "wananiingiza usiku na nina mtoto mchanga," atajibiwa, na kwa haki, kwamba hata wenzake wanaingia usiku. Zamu moja moja hazimsaidii kitu. Kinachoweza kumsaidia ni mlinganisho: yeye amepangiwa usiku mara ngapi, wengine mara ngapi, na yeye mwenyewe alikuwa akipangiwa mara ngapi kabla ya miezi hiyo ya kukingwa. Ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito umekatazwa na sheria hiyohiyo, lakini kila ubaguzi unaonekana kwa kulinganisha.

Sasa tufungue daftari. Awe nalo daftari la mazoezi la kawaida lenye kurasa zilizoshonwa, lile la shuleni, si karatasi za kuchomoka. Kurasa zilizoshonwa zikichanwa huacha alama, na mfuatano wake hauchezewi kirahisi. Aandike kwa kalamu ya wino, asiache nusu ukurasa mtupu kati ya tukio na tukio, na akikosea akate kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kiendelee kusomeka. Daftari likae nyumbani au kwenye mkoba wake. Nimewahi kuona mtu anaweka kumbukumbu zake zote kwenye kompyuta ya ofisi; siku aliposimamishwa kazi nywila yake ilifungwa kabla hajafika getini.

Hili ndilo ingizo la kwanza la mhudumu wetu kama wengi wangeliandika:

"Leo madamu kaninyanyasa tena mbele za watu, kaninyima kunyonyesha mtoto wangu. Huyu mama ana roho mbaya, ananichukia tangu zamani. Mungu anamwona."

Sina shaka kwamba kila neno lake ni la kweli kwa aliyeliandika. Lakini mimi afisa nikilisoma sina pa kwenda. Siku gani? Kwa nini "tena"? Watu gani? Alisema nini hasa? Na "ananichukia tangu zamani" inampa msimamizi mlango wa kutokea: atasema huu ni ugomvi wa watu wawili wasioelewana, na nitaelekea kumwamini, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe ameandika hivyo.

Na hivi ndivyo alivyoliandika:

"Jumanne, 5 Machi 2024. Saa 4:40 asubuhi (rosta: 10:40). Kaunta ya mapokezi. Tulikuwepo mimi, msimamizi wa zamu na mbeba mizigo wa asubuhi. Mgeni hakuwepo kaunta. Niliomba kutoka saa 5 hadi saa 6 kumnyonyesha mtoto, mama mkwe alikuwa keshamleta getini. Msimamizi alisema: 'Hapa si kliniki. Ukitaka kunyonyesha kaa nyumbani.' Sikutoka. Mama mkwe aliandikwa kwenye daftari la getini, akaondoka na mtoto saa 6:10 mchana. Nimeandika saa 9:30 alasiri, kituo cha daladala."

Katika daftari halisi ataandika majina na vyeo vya wote watatu. Angalia jinsi alivyoliweka neno la msimamizi: ndani ya alama za kunukuu, kama lilivyotoka mdomoni, bila kuongeza kwamba lilisemwa kwa dharau. Kama hakumbuki maneno yenyewe asiweke alama hizo, aandike "alisema kwa maana kwamba". Nukuu moja iliyobuniwa ikigundulika inazivuruga na zile kumi za kweli.

Angalia pia mstari unaosema mgeni hakuwepo kaunta. Utetezi wa kwanza wa msimamizi yeyote wa hoteli ni kwamba kazi ilikuwa imebana. Mhudumu anaijua kazi yake, kwa hiyo analijibu swali kabla halijaulizwa, na analijibu kwa kitu kinachoweza kukaguliwa: mfumo wa mapokezi unaonyesha ni wageni wangapi waliingia na kutoka kati ya saa 4 na saa 6 siku ile.

Lakini kito cha ingizo hili, machoni pangu, ni daftari la getini. Mlinzi hana upande katika ugomvi huu. Huandika kila anayeingia kwa sababu ndiyo kazi yake, na aliyoyaandika siku ile aliyaandika bila kujua kwamba yatatafutwa. Nikishaona kwenye daftari lake jina la bibi, saa ya kufika na saa ya kuondoka, na nikiona kwenye mashine kwamba mhudumu hakutoka nje ya jengo muda wote huo, hadithi inaanza kusimama bila kumtegemea mhudumu mwenyewe. Yapo mambo mengi kazini ya namna hii: kitabu cha kukabidhiana zamu, karatasi ya ofu, hati ya malipo ya mshahara, ujumbe wa grupu la kazini. Kila ukimaliza kuandika tukio jiulize ni karatasi gani ya mwajiri iliyoligusa tukio hilo, uitaje.

Hapo kwenye saa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili limewaponza watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, mashine zinahesabu kuanzia usiku wa manane. "Saa mbili" ya mhudumu inaweza kuwa 08:00 au 20:00, na mtu aliyezoea rosta anaweza kuisoma 02:00. Nimeona lalamiko likiangushwa kwa sababu saa iliyotajwa haikulingana na ya mashine, kumbe mlalamikaji aliandika kwa saa ya Kiswahili na aliyekagua akasoma kwa saa ya rosta. Andika zote mbili, kama mhudumu wetu alivyofanya, na usiache kuandika asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Usiku una mtego wake. Mzee wa pwani akisema usiku wa Jumanne anaweza kumaanisha ule unaotangulia mchana wa Jumanne, kwa kuwa kwake siku huanza jua likizama. Kijana wa ofisini akisema hivyo anamaanisha ule unaofuata. Na zamu ya saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi ina tarehe mbili. Njia salama ni kuandika "usiku wa Jumatatu 11 kuamkia Jumanne 12 Machi". Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi. Hesabu 5/3 tunaisoma tano Machi, lakini simu na kompyuta zilizowekwa kwa mtindo wa Marekani huisoma tatu Mei.

Mstari wa mwisho wa ingizo, ule wa saa 9:30 kituoni, wengi huuona wa ziada. Kwangu ndio unaotofautisha kumbukumbu na hadithi. Tukio lilitokea saa 4:40, limeandikwa kabla jioni haijaingia, wakati maneno bado yako sikioni. Hata mahakamani Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi kujikumbusha kwa maandishi aliyoyaandika mwenyewe wakati wa tukio au mara tu baada yake. Kama ameandika baada ya siku tatu, aseme ameandika baada ya siku tatu. Hilo si kosa. Kosa ni kujifanya umeandika siku ileile.

Maana daftari lililoandikwa kwa usiku mmoja hujulikana. Wino ni ule ule, mkazo wa mkono ni ule ule, mwandiko hauchoki wala hauharakishwi, na ukurasa wa Machi ni safi sawasawa na wa Mei ilhali daftari linasemwa limebebwa mkobani miezi mitatu. Dalili kubwa zaidi iko kwenye lugha. Mtu anayeandika siku ya tukio hajui kesho kutatokea nini. Ukikuta tarehe 5 Machi imeandikwa "hii ilikuwa mara ya kwanza kati ya nne", basi aliyeandika alikuwa ameshaziona zote nne. Kama kweli hukuandika na sasa unataka kukusanya mambo ya nyuma, fungua ukurasa mpya, weka tarehe ya leo, andika juu yake "ninayoyakumbuka kuhusu miezi iliyopita", uyaandike kwa uhakika ulio nao. Yatakuwa na uzito mdogo kuliko ya siku ileile, lakini hayatakuharibia mengine.

Siku iliyofuata, Jumatano tarehe 6, mhudumu alifanya jambo ambalo lilikuwa na nguvu kuliko daftari lenyewe. Alimtumia msimamizi ujumbe wa WhatsApp:

"Habari za asubuhi, madamu. Jana saa 4:40 asubuhi niliomba saa moja nikamnyonyeshe mtoto getini ukaniambia haiwezekani. Naomba kuhakikisha kama nimeelewa sawa. Kama kuna muda mwingine unaofaa kwa kaunta, naomba unipangie. Asante."

Hakuna lawama humo, hakuna kifungu cha sheria, hakuna kitisho. Ni ujumbe ambao mfanyakazi yeyote mwenye adabu angeweza kuutuma. Lakini umebadilisha hali. Maneno ya mdomoni sasa yana tarehe kwenye simu mbili, na msimamizi ana njia tatu tu: akubali, akanushe sasa hivi wakati mbeba mizigo bado anakumbuka, au anyamaze. Alinyamaza. Tiki mbili zikageuka buluu saa 2:15 asubuhi, na hiyo nayo ikaingia daftarini.

Ujumbe wa simu una udhaifu wake. Picha ya skrini inaonyesha kipande tu, na anayeletewa picha ana haki ya kuuliza kilichokatwa juu na chini. Afadhali utumie Export chat, ambayo hutoa mazungumzo yote katika faili la maandishi, kila ujumbe na tarehe, saa na jina la aliyetuma. Simu yenyewe ibaki na mazungumzo hayo bila kufutwa, na kama mmoja wenu ameweka ujumbe wa kujifuta, uhifadhi mapema. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, maandishi ya namna hii hayakataliwi ushahidi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Linaloulizwa ni kama yametunzwa kwa namna ya kuaminika, na simu iliyopita mikono mitatu hutia shaka.

Ombi lilikataliwa tena Ijumaa tarehe 8 Machi. Ilikuwa Siku ya Wanawake Duniani, na nawafahamu watu ambao wangejaza ukurasa mzima kwa kejeli hiyo. Yeye aliandika mistari mitano kama kawaida.

Kisha Jumatano tarehe 13 likatokea jambo ambalo alitamani kutoliandika. Msimamizi mwingine alikuwa zamu, akamruhusu kutoka saa 5 hadi saa 6, naye akachelewa kurudi kwa dakika kumi kwa sababu mtoto alikataa kuachia ziwa. Akaonywa kwa mdomo. Daftari hili, alijiuliza, si la kuonewa? Aliliandika hata hivyo, na dakika kumi zake.

Nimesoma kumbukumbu nyingi za watu ambao hawajawahi kukosea, na zote zilinifanya nianze kutafuta wanachoficha. Hili la kuchelewa, msimamizi angelileta kwangu kwa vyovyote. Likitoka kwa mhudumu mwenyewe, tena likiwa na tarehe, halina makali. Lakini faida yake kubwa iko kwingine. Siku ile kaunta iliachwa saa moja na dakika kumi na hoteli haikusimama. Utetezi kwamba haiwezekani kumwachia mtu saa nzima asubuhi uliangukia hapo, kwenye ingizo ambalo alikaribia kuliacha.

Kwa zamu za usiku hakuhitaji kuandika hadithi yoyote. Rosta hubandikwa ukutani na kutumwa kwenye grupu la mapokezi, kwa hiyo ni hati aliyo na haki ya kuiona. Alihifadhi ile ya Machi, akatafuta kwenye grupu ile ya tarehe 4 Septemba hadi 1 Oktoba 2023, kabla ujauzito haujafika miezi ya kukingwa. Wahudumu ni wanne na usiku ni 28 katika kila rosta. Septemba kila mmoja alipangiwa 7. Machi yeye alipangiwa 12, na wenzake 6, 5 na 5. Jumla bado ni 28. Hesabu hii inaingia kwenye nusu ya ukurasa, na anayetaka kuipinga itabidi aieleze.

Hapa ndipo watu huteleza. Kwa kuwa anatafuta ulinganisho, mtu hushawishika kupiga picha faili la mshahara la mwenzake, kuchapa orodha ya wageni kuonyesha kaunta ilikuwa tupu, au kujitumia barua pepe za ofisi. Asifanye. Taarifa za wageni na za watumishi wengine zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata mbali na sheria hiyo, atakuwa amempa mwajiri kosa la nidhamu ambalo litamaliza mazungumzo ya kunyonyesha papo hapo. Inatosha aandike kwamba taarifa hiyo ipo, iko wapi na ni ya siku gani. Kuitoa ni kazi ya utumishi. Kuhusu kurekodi sauti kwa siri, ushauri wangu ni ule ule: rekodi ya dakika mbili mara nyingi huzua ugomvi juu ya rekodi, na ujumbe mmoja wa adabu kama ule wa tarehe 6 hufanya kazi ileile bila ugomvi.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia Jumapili tarehe 31 Machi, siku rosta ilipoisha. Jumanne tarehe 2 Aprili alipeleka lalamiko lake. Hakupeleka daftari. Daftari ni chanzo, lina mambo yanayowahusu wengine, na likitoka mkononi linaweza lisirudi. Alipeleka barua ya ukurasa mmoja yenye jedwali la matukio matatu: tarehe, saa, kilichoombwa, kilichojibiwa, aliyekuwepo, na kumbukumbu ya hoteli inayoweza kuthibitisha. Nyuma yake alibana rosta mbili na hesabu yake. Akaeleza anachoomba, jambo ambalo ni ajabu jinsi linavyosahaulika: saa mbili za kunyonyesha kwa siku zilizopangwa kwa maandishi, na mgawo wa usiku urudi kuwa sawa. Aliomba ajibiwe ndani ya siku 14. Nakala yake ikapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, au barua pepe ya kukiri kupokea, lalamiko linaweza kuzaliwa upya miezi miwili baadaye kama kitu ambacho hakikuwahi kufika. Aliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo maneno yalisemwa.

Afisa anayepokea barua kama hii anajua cha kufanya kesho asubuhi. Ataomba daftari la getini la tarehe 5 na 8. Atachukua mahudhurio ya siku tatu. Ataongea na mbeba mizigo kabla hajaongea na msimamizi, kama ana akili. Na atakapomwita msimamizi hatamuuliza kama ni mtu mbaya, atamuuliza kwa nini usiku ni 12 na si 7. Inawezekana kabisa kuna jibu. Pengine mhudumu mwingine alikuwa mgonjwa, na karatasi ya daktari ipo. Daftari haliwezi kumhakikishia mtu kwamba yuko sahihi. Linahakikisha tu kwamba swali litajibiwa kwa karatasi, na wakati mwingine jibu hilo litampinga.

Lakini kuna saa nyingine inayotembea nje ya ofisi ya utumishi. Kwa Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Ukihesabu kutoka tarehe 5 Machi, siku ya 60 ni Jumamosi tarehe 4 Mei. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa utumishi wanaendelea kulifanyia kazi basi siku zimesimama. Nimewajua walioambiwa "subiri kidogo" kwa upole mpaka mlango ukafungwa, wakabaki kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya kuchelewa kwao. Ndiyo maana mhudumu aliandika kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu, tarehe tatu: 2 Aprili aliyopeleka, 16 Aprili ya kujibiwa, 4 Mei ya mwisho. Kati ya hizo mbili za mwisho ana siku 18 za kumtafuta mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na kujaza fomu Na. 1 ya Tume, bila kukimbia.

Na akifika huko, tarehe zake zitamfanyia kazi moja zaidi. Katika madai ya ubaguzi, mfanyakazi akishaweka mezani ushahidi wa awali unaoonyesha kwamba ubaguzi ulikuwepo, mzigo unahama: mwajiri ndiye atakayethibitisha kwamba haukuwepo. "Ananichukia tangu zamani" haihamishi mzigo wowote. Saba, kisha kumi na mbili, wakati wenzake wanapata tano au sita, huenda ikauhamisha.

Utumishi walijibu tarehe 12 Aprili, siku nne kabla ya muda. Saa za kunyonyesha zilipangwa kwa barua, saa 5 hadi saa 6 asubuhi na saa 8 hadi saa 9 mchana kwa zamu za asubuhi, na rosta mpya ikampa usiku 7. Daftari hakulifunga. Alipiga mstari mnene chini ya ukurasa, akaandika tarehe ya barua, na chini yake akaanza kuandika ni siku zipi saa hizo zilitolewa kweli.